Faiba ya dukani: usiku inaruka, mchana inakufa. Shida ni kampuni au ni waya?

MamaSaiba_Mtopanga
Hamjambo wadau. Nina saiba ndogo hapa Mtopanga, kompyuta saba na mashine ya fotokopi. Kifurushi changu ni cha Mbps 40. Kuanzia nikifungua asubuhi hadi jioni ni mateso matupu. Ukurasa wa eCitizen unazunguka tu, mteja anachoka anaondoka, nami nabaki naangalia spidi ya 4 au 9. Mara moja moja ile taa ya LOS inawaka nyekundu kisha inazimika yenyewe kabla sijaigusa. Nikishafunga duka na kubaki peke yangu nikipiga hesabu, spidi inarudi 38 kama hakuna lililotokea.

Nimepiga simu kwa kampuni. Wameniambia laini yao ni safi na huenda wateja wangu wanajaza mtandao. Lakini hata asubuhi nikiwa na mteja mmoja anayechapisha tiketi, hali ni hiyo hiyo. Kitu kingine kinachonishangaza: kutuma faili kwa barua pepe hakuna shida kubwa. Kufungua na kupakua ndiko kunakoniua. Kompyuta zote ziko kwenye waya, si Wi-Fi, kwa hiyo msinianzishie habari za Wi-Fi.

Bahari_Shwari
Mama, usisumbuke. Hiyo ni nyaya za chini ya bahari. Mnakumbuka Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini? Nchi nzima ililia. Zikikatika data inazungushwa njia ndefu, mchana watu wakiwa wengi inabanana, usiku inapumua. Subiri watengeneze.

Tudor4Life
@Bahari_Shwari nyaya za baharini zikikatika tutalia sote, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa. Mimi niko Tudor na nina kampuni tofauti, sawa, lakini mwenzangu wa Bamburi ana kampuni hiyo hiyo ya mama na mchana wake hauna neno. Halafu nyaya hizo ni nyingi hapa kwetu, TEAMS na SEACOM ziko tangu 2009 na nyingine zimefuata. Taa ya LOS kuwaka nyekundu haina uhusiano na bahari. Hiyo inazungumzia mwanga unaofika ndani ya duka lako.

Kijana_Likoni
Mama, angalia ile waya nyembamba inayotoka kisanduku cha ukutani kwenda kwa rauta. Mia kwa mia imepinda. Faiba ni kama mpira wa maji, ukiukunja maji yanapungua, na spidi vile vile. Inyooshe tu. Na ukishaichomoa, pangusa kile kichwa na shati safi, pulizia kidogo vumbi litoke, rudisha. Mimi hufanya hivyo kila mara na inakubali.

FundiNuru
Kijana wa Likoni amegusa mahali penyewe, lakini mama usifanye hayo ya shati na kupuliza kabla hujasoma hapa.

Kwanza kuhusu mpira wa maji. Mwanga ukipungua nusu, spidi haipungui nusu. Haipungui hata kidogo. Kifaa chako kinapokea data kwa kasi ile ile ikiwa mwanga ni mwingi au ni mchache, maadamu kinaweza kutofautisha moja na sifuri. Ndiyo maana unaweza kupoteza nusu ya mwanga wako mwaka mzima na usijue. Shida huanza ukikaribia kikomo cha kifaa. Hapo makosa yanaingia, kifaa kinayarekebisha kimya kimya mpaka yanazidi uwezo wake, ndipo pakiti zinaanza kupotea. Kompyuta ikiona pakiti zinapotea hudhani njia imejaa, nayo inapunguza mwendo yenyewe. Huo mwendo uliopunguzwa ndio unaouona kama Mbps 4.

Sasa fanya mambo mawili kabla ya kugusa waya wowote. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta sehemu ya hali ya faiba au PON, usome RX Power, yaani nguvu ya mwanga unaokufikia. Isome sasa usiku, kisha isome kesho duka likiwa wazi. Pili, kwenye kompyuta iliyo kwenye waya, andika hii:

```
tracert -d 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza ni rauta yako. Wa pili ni mtambo wa kampuni, ng'ambo ya faiba. Chukua hiyo anwani ya pili uipige ping mara 200:

```
ping -n 200 ANWANI
```

Ikiwa pakiti zinapotea kati yako na mstari wa pili, tuache habari za bahari kabisa. Ikiwa mtambo haujibu ping kamwe, hata usiku, usiogope, mingine imefungwa makusudi. Tutatumia RX Power peke yake.

MamaSaiba_Mtopanga
Ahsante fundi. Nimefanya vyote viwili. Usiku RX Power ni -22.9 dBm na hakuna pakiti iliyopotea. Leo asubuhi nimefungua duka, nikaangalia saa nne: -27.6 dBm, na ping imepoteza 7 kati ya 200. Sielewi namba hizi zinasema nini, ila naona zimebadilika.

Na kuna kibandiko chini ya kisanduku cha ukutani, aliyefunga aliandika kwa kalamu: -19.4.

FundiNuru
Mungu ambariki aliyeandika kibandiko hicho, wengi hawaandiki.

Namba ziko chini ya sifuri, kwa hiyo inayokwenda mbali zaidi na sifuri ndiyo mbaya. Kila ukipungukiwa 3, nusu ya mwanga imepotea. Vifaa vingi vya majumbani na madukani vimehakikishiwa kufanya kazi mpaka -27. Ukipita hapo unaishi kwa bahati ya kifaa chako. Mchana wewe umepita.

Lakini tazama vizuri, mama, una shida mbili. Siku ya kufungwa ulikuwa -19.4. Usiku, mambo yakiwa mazuri, uko -22.9. Maana yake kuna kitu kinakula 3.5 saa zote, usiku na mchana, na hukijui kwa sababu bado uko mbali na kikomo. Halafu mchana kuna kitu cha pili kinakula 4.7 juu ya hiyo. Ukijumlisha, mchana unapata kama asilimia 15 tu ya mwanga uliokuwa nao siku ya kwanza.

Cha kwanza kinanuka uchafu kwenye kichwa. Cha pili, kinachokuja na kuondoka, kinanuka kona. Uchafu haujui saa za kufungua duka.

Niambie: kuna nini karibu na waya huo ambacho mchana kiko mahali pamoja na usiku mahali pengine?

Mzee_Kilindini
Samahani kuingilia. Mimi yangu ilikuwa polepole hivyo hivyo, nikanunua waya mpya mjini, ikawa mbaya zaidi. Mwishowe nikaambiwa kichwa changu ni cha buluu na tundu la ukutani ni la kijani. Vinaingiliana kabisa, vinakaza vizuri, hakuna dalili. Kwa hiyo mama angalia rangi.

FundiNuru
@Mzee_Kilindini ni kweli, na huo ni ugonjwa mbaya. Kijani kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 na buluu ni bapa, kwa hiyo ndani havigusani sawasawa. Unapoteza mwanga mwingi, na unaweza kukwaruza upande wa tundu. Kwenye tundu la kijani huingia kijani tu. Lakini wa mama ulianza na -19.4, kwa hiyo rangi zilikuwa sawa. Mama, hujabadilisha waya tangu siku hiyo?

MamaSaiba_Mtopanga
Sijabadilisha. Pande zote mbili ni kijani. Ila mwezi uliopita kijana wangu wa kazi alipaka rangi ukuta, akachomoa waya, akarudisha.

Na fundi, nimekipata kitu chako! Ni mashine ya fotokopi. Asubuhi naisukuma hadi ukutani ili wateja wapate pa kupita. Jioni naivuta mbele nizime swichi iliyo nyuma yake, kwa sababu stima ya huku haiaminiki, nayo inalala hivyo mpaka asubuhi. Nimechungulia nyuma. Waya umebanwa kati ya mashine na ukingo wa soketi, umekunjika kama karatasi. Nimeivuta mbele sasa hivi, na saa sita hii ya mchana RX Power imerudi -22.9.

Kijana_Likoni
Si nilisema imepinda 😎

FundiNuru
Ulisema, sikatai. Ni shati lako tu ninalolipinga.

Mama, iache mashine mbele kwa leo. Sasa nieleze kwa nini kampuni ilikuambia laini ni safi, maana sidhani walikudanganya. Kwenye uzi mmoja wa kioo kuna mianga miwili. Unaoshuka kwako ni wa nanomita 1490, unaopanda kwao ni wa 1310. Kioo kinachobeba mwanga ni chembamba mno, kama mikroni 9 tu, na mwanga wa mawimbi marefu haukai wote ndani yake. Sehemu yake husafiri pembeni. Ukifika kwenye kona kali, hiyo ya pembeni ndiyo inayotoka kwanza. Kwa hiyo kona humuumiza wa 1490 zaidi sana kuliko wa 1310. Mtu wa simu akiangalia mwanga anaoupokea kutoka kwako, anaona mzuri. Wewe unayepokea ndiye unayeumia. Ndiyo maana kutuma kulikuwa kunakubali na kupakua kunakataa.

Wanaweza pia kukiuliza kifaa chako kinapokea kiasi gani, mtambo unaonyesha. Lakini lazima mtu afungue ukurasa huo, na lazima afungue mchana, mashine ikiwa ukutani. Fundi akija jioni atakuta -22.9, ataandika "sawa", atapanda tuktuk aondoke.

Tudor4Life
Hii ya mianga miwili sikuijua. Kwa hiyo mtu akiwa na mita ya mwanga anaweza kujua ni uchafu au ni kona bila kuona waya?

FundiNuru
Anaweza kukisia vizuri. Pima upotevu kwa 1310, pima tena kwa 1550. Zikikaribiana, shuku uchafu au kichwa kibovu, kwa sababu chembe ya vumbi inaziba mianga yote karibu sawa. Ya 1550 ikiwa mbaya sana kuliko ya 1310, tafuta kona. Haikwambii kona iko wapi, inakwambia uanze kutafuta kitu gani.

Bi_Mkoko
Na chumvi ya bahari je? Mimi niko Nyali karibu kabisa na ufuo, kila chuma ndani ya nyumba kinaota kutu. Naamini hewa ya chumvi ndiyo inayochafua vichwa hivyo.

FundiNuru
Bi Mkoko, kichwa kilichokaa ndani ya tundu lake bila kuguswa hakichafuki kirahisi, hata Nyali. Nimefungua vya zamani nikavikuta vizuri. Uchafu mwingi ninaouona chini ya darubini ni mafuta ya vidole na vumbi lililoingia kichwa kikiwa nje. Kwa mama, kijana alichomoa wakati wa kupaka rangi, bila shaka na msasa ulipita ukutani. Huo ndio wakati.

Bi_Mkoko
Mimi bado siamini hewa haina lake. Vifuniko vya plastiki vyenyewe hapa vinanata baada ya mwaka.

FundiNuru
Kunata kwa kifuniko nakubali, na kifuniko chafu huchafua kichwa unachokifunika. Hapo tunakutana njiani.

MamaSaiba_Mtopanga
Nisafisheje sasa? Nina spiriti ya dukani na pamba.

FundiNuru
Pamba huacha nyuzi, na spiriti ya dukani ina maji na rangi ambavyo vikikauka huacha doa. Shati lina mafuta na sabuni, na pumzi ya kupuliza ina mate. Kitu sahihi ni ile kalamu ya kusafishia faiba, unaisukuma mpaka ilie "klik", utepe ndani unajizungusha. Hakikisha ni ya kipini cha milimita 2.5, maana kuna ya 1.25 kwa vichwa vidogo. Kama huna, mwambie fundi wa kampuni aje nayo, usinunue kwa kazi ya siku moja.

Jambo ambalo hata mafundi hulisahau: safisha pande zote mbili. Ukipangusa kichwa ulichoshika mkononi tu, ndani ya tundu la ukutani kuna kichwa kingine kinachokungoja na uchafu ule ule. Ukichomeka, vinabusiana, na chako kinachafuka tena palepale. Kalamu hiyo ikivuliwa kofia yake ya mbele inaingia ndani ya tundu. Safisha vyote viwili, kisha chomeka bila kugusa kitu. Na usichungulie ndani ya tundu hata kidogo. Mwanga wa faiba hauonekani kwa jicho, kwa hiyo giza unaloliona si ushahidi kwamba hakuna kitu.

Kijana_Likoni
Lakini fundi mimi shati limenikubalia miaka.

FundiNuru
Limekukubalia kwa sababu una mwanga wa akiba. Ukipoteza 2 kutoka -18 huoni kitu. Mama alipoteza 3.5 na hakuona kitu, mpaka mashine ikamaliza iliyobaki. Soma RX Power yako kabla na baada ya shati, uje utuambie.

MamaSaiba_Mtopanga
Wadau, nimerudi. Nilipiga simu tena, safari hii nikawasomea namba za usiku na za mchana, wakatuma kijana haraka kuliko nilivyotarajia. Nilimwonyesha uzi huu akacheka, kisha akafanya kazi ya maana.

Alianza kwa kusukuma mashine ukutani akapiga simu ofisini kwao. Huku kwangu -27.6, kule kwao wanapokea -24.8. Akaivuta mbele: kwangu -22.9, kwao -24.0. Kwa hiyo ni kweli, kona ilinila mimi 4.7 na wao 0.8 tu. Kisha akauchomoa waya pande zote mbili, akaweka tochi nyekundu ya leza upande mmoja, na mahali palipokunjwa pakawaka wekundu kupitia ganda. Akasema kioo hakijavunjika lakini hataki kuuamini tena.

Ameweka waya mpya, mrefu kidogo, umepita juu ya fremu ya mlango, na kona zote amezifanya pana. Kichwa cha ndani ya tundu amekitazama kwa darubini yake, nikaona kwenye kioo chake doa kubwa jeusi karibu katikati. Akakisafisha mara ya kwanza halikutoka lote, ya pili likatoka. Sasa nasoma -19.8, na kwao -20.9. Mashine iko ukutani, mchana kweupe, na ping haijapoteza hata moja.

FundiNuru
Hongera. Na tazama hizo namba: kusafisha kumewapa 3.1 wewe na wao, sawasawa. Kona iliwatofautisha, uchafu haukuchagua. Mara chache mtu analeta ushahidi uliokamilika hivi.

Waya mpya umeandikwa nini kwenye ganda? Kama ni G.657.A2, unavumilia mzunguko wa nusu-kipenyo cha milimita 7.5. Ule wa kawaida, G.652.D, unataka 30, yaani ukiuzungusha, duara lisiwe dogo kuliko sentimita 6 upana. Hata hivyo A2 si ruhusa ya kuukunja. Mashine ya fotokopi ingeuumiza wote wawili, mmoja polepole zaidi.

MamaSaiba_Mtopanga
Nimepanda kiti kusoma. Umeandikwa G.657.A2. Ila jamani kuna kitu: ameukusanya ule uliobaki juu ya mlango akaufunga kwa tai mbili za plastiki, amezikaza kweli kweli mpaka waya umebonyea.

FundiNuru
Zikate leo hii. Tai iliyokazwa inaminya kioo vidogo vidogo, nao huo ni mpindo ingawa huuoni kwa macho. Tumia utepe wa kunata wa nguo au tai iliyolegea kiasi cha waya kuteleza ndani yake. Ukikata, angalia kama -19.8 itasogea.

MamaSaiba_Mtopanga
Nimezikata. Imekuwa -19.5. Sasa naiandika kwenye kibandiko, chini ya ile ya zamani, na tarehe.

Mzee_Kilindini
Na mimi niulize kabla uzi haujafungwa. Waya wangu wa kijani ni sawa sasa, nasoma -21 siku zote, lakini mvua za masika zikija inashuka hadi -26 na ikikauka inarudi. Ndani hakuna kinachosogea. Nisafishe?

Kijana_Likoni
Shati 😂

FundiNuru
Usisafishe kwanza, Mzee. Inayofuata mvua mara nyingi iko nje: kisanduku cha kwenye nguzo kimeingia maji, au maungio ndani yake, au waya unaoning'inia unavutwa. Lakini siwezi kusema ni kipi bila wao kupanda. Jirani zako walio kwenye kisanduku hicho hicho wanashuka pia? Waulize RX Power zao siku ya mvua. Wakishuka wote, shida iko kabla ya mwanga kugawanywa. Ukishuka wewe peke yako, ni waya wako kutoka nguzo hadi nyumbani.

Mzee_Kilindini
Jirani mmoja tu ndiye mwenye faiba, na hatusemezani.

Tudor4Life
Mzee, mtume mtoto.